Kuka hakuwa analia: kijipicha, kichwa na ahadi unayompa mtazamaji

Wasee, hebu tuongee ukweli kidogo. Umenunua bando ya shilingi 20, umefungua YouTube, unaona picha ya msanii unayempenda imewekwa rangi nyeusi na nyeupe, kando kuna mshumaa, na juu kumeandikwa "AMETUACHA?" Unabonyeza huku moyo ukidunda. Dakika ya kwanza ni muziki wa huzuni. Dakika ya pili jamaa anakuomba usabskraibu. Dakika ya nne ndiyo unaambiwa msanii ameacha lebo yake ya zamani. Ameiacha lebo tu. Bando imeenda na wewe umebaki umeng'ang'ania simu.

Angalia vile ilivyofanywa. Hakuna mtu aliyesema uongo mahali popote. Kile kiulizo baada ya "AMETUACHA" ndicho wakili wake. Mshumaa ni mapambo. Ukimshika shati atakwambia, "Si nimeuliza tu?" Lakini wewe uliambiwa kitu, na unajua uliambiwa.

Halafu kuna upande wa pili ambao hatuuongelei sana. Kuna mtu amepanda mlima na kamera, amehoji wazee, amehariri usiku tatu, halafu video inatoka na picha iliyofifia ambayo YouTube yenyewe imechagua, na kichwa kinasema "Historia, sehemu ya kwanza". Video ni noma, lakini ni watu tisa wameiona, na wanne ni jamaa zake. Huyu hajadanganya mtu. Lakini pia hajamwambia mtu chochote.

Mimi nadhani hao wawili wana shida moja. Hawajakaa chini wakajiuliza: ndani ya hii video, kitu cha kweli chenye nguvu zaidi ni kipi? Wa kwanza alikosa jibu, akaazima nguvu ya kifo. Wa pili alikuwa na jibu, akaliacha ndani ya begi. Ile picha ndogo ya mbele, ambayo wengi tunaiita thamneli na YouTube ya Kiswahili inaiita kijipicha, pamoja na kichwa cha video, ni ahadi moja tu. Kazi yako ni kutafuta ahadi tamu kuliko zote ambayo video yako inaweza kuitimiza.

Sasa nitawaonyesha nilivyoifanya na video yangu ya Chetambe, kwa sababu kuongea juujuu hakusaidii mtu.

Kama hujui, Chetambe ni kilima kinachosimama juu ya mji wa Webuye. Ukitoka kwetu Lugulu ukiteremka na matatu kutoka upande wa Kitale, utakiona kabla hujafika mjini. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na Waingereza hapo. Msafara uliongozwa na Charles Hobley, na wengi wa askari walikuwa Waafrika wenzetu, wakiwemo Wasudani na Waganda. Wabukusu walikuwa wamezoea kujenga maboma yenye kuta za udongo na handaki kuzunguka, na ndani ya boma kama hilo ndimo walimojifungia. Walikuwa na mikuki, ngao na bunduki chache. Walishindwa. Hiyo sehemu ya kushindwa muikumbuke, nitairudia.

Video yangu ni ya dakika tisa. Mzee mmoja wa kwetu, tunamwita Kuka kwa heshima kama ilivyo kwa Wabukusu, alipanda kilima na sisi na akasimulia yale aliyosikia kwa wazee wake. Nilikuwa nimeshamaliza kuhariri, sauti iko sawa, rangi iko sawa. Kilichobaki ni kijipicha na kichwa. Watu wengi hapo ndipo huchoka na kumaliza kwa dakika tano. Mimi huchukua jioni nzima.

Beshte yangu mwenye jicho zuri la picha alikuwa amekaa na laptopu. Akapitisha video polepole, akasimamisha.

"Buda, hii ndiyo. Angalia. Mzee analia."

Na kweli, kwenye skrini Kuka alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja kiko machoni, uso umekunjamana. Nyuma yake mawingu mazito. Ukiambiwa hiyo ni picha ya mtu anayelia kwa ajili ya waliokufa, unaamini saa hiyo hiyo.

"Hakuwa analia," nikamwambia. "Upepo ulileta vumbi."

"Najua. Lakini si ni picha yake? Si ni ya siku hiyo hiyo? Hatujaibandika kutoka intaneti."

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu watu huikosea. Wengi wanafikiri kudanganya kwa kijipicha ni kuweka kitu ambacho hakimo kwenye video: fuvu la kichwa ulilolipata mtandaoni, moto uliochorwa, mshale mwekundu unaoelekea kwenye kitu ambacho hakipo. Huo ni uongo rahisi, kila mtu anauona. Uongo mgumu ni picha ya kweli iliyotolewa mahali pake. Video ina fremu 25 au 30 kila sekunde. Ndani ya dakika tisa kuna maelfu ya sura, na kwa sekunde moja moja uso wa mtu yeyote unaweza kuonekana umelia, umelewa, umekasirika au umeona jini. Ukichagua sekunde ya vumbi na kuiuza kama sekunde ya machozi, umesema uongo kwa kutumia picha halali kabisa.

Na uongo huo haumwangukii mtazamaji peke yake. Unamwangukia Kuka. Huyu ni mtu anayekaa mbele kanisani. Wajukuu zake wana simu. Siku video inatoka, mtu wa kwanza kumwonyesha atakuwa mjukuu, na ataona uso wake umeandikwa "MZEE AVUNJIKA MACHOZI". Atauliza, "Nililia lini?" Nani atamjibu? Alitupatia siku nzima, goti lake likiuma, na hakuomba hata soda. Kama wewe ni wa mtaa mkubwa ambapo hamjuani, labda utatoroka. Lugulu hutoroki. Utakutana naye Jumapili.

Kwa hivyo tukaiweka ile picha kando. Lakini beshte alikuwa na hoja yake, na hoja yake ilikuwa sawa: tukiweka picha baridi hakuna atakayeona kazi yote hii. Kukataa chambo si mpango. Ni lazima uwe na kitu kingine mkononi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuandika ahadi kwa sentensi moja, kwenye karatasi, kabla ya kugusa picha. Sentensi yenyewe ilikuwa hivi: Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia ndani ya boma juu ya kilima hiki ambacho unakipita kila siku na matatu, Waingereza wakaja na bunduki, na mjukuu wa waliosimulia anakuonyesha mahali penyewe. Soma tena. Hakuna neno "siri", hakuna "utashangaa". Lakini kuna mahali unapopajua, kuna hatari, na kuna mtu anayekuonyesha. Hivyo vitatu ndivyo vilivyo na nguvu, na vyote vimo ndani ya video.

Hatua ya pili ni kuangalia ahadi inaanza kutimizwa dakika ya ngapi. Hii ni muhimu sana. Mtu akibonyeza, anakupa kama nusu dakika ya kumthibitishia kwamba amefika mahali alipoahidiwa. Kwenye video yetu, sekunde ya kumi na mbili Kuka anasimama ukingoni, ananyoosha fimbo kuelekea mji ulio chini na kusema, "Walikuwa hapa tuliposimama. Adui alitokea huko." Nikafurahi, kwa sababu hiyo ndiyo picha. Kitu kikali kuliko hicho kilikuwa dakika ya saba, pale anaposimulia wanawake na watoto waliochukuliwa baada ya vita. Lakini video ilikuwa imeshakamilika. Ningeweka cha dakika ya saba kwenye kijipicha, mtazamaji angekaa dakika sita akihisi amepotezwa, hata kama mwishoni angekipata. Uongo wa kuchelewesha nao ni uongo, au tuseme ni binamu yake.

Hatua ya tatu, picha yenyewe. Bahati ni kwamba siku ile nilipiga picha za kawaida pia, si video tu, na nawashauri mfanye hivyo. Fremu iliyokatwa kutoka kwenye video mara nyingi ina ukungu kwa sababu mtu anasogea. Picha iliyopigwa kwa makusudi inakuwa kali. Nilikuwa na moja ya Kuka amenyoosha fimbo, uso wake umegeuka nusu, Webuye imelala chini.

Ukubwa wa kawaida wa kijipicha ni pikseli 1280 kwa 720, yaani uwiano wa 16:9. Lakini usihadaike na huo ukubwa unapokaa mbele ya laptopu. Mtazamaji wako yuko kwenye simu, labda yuko ndani ya mathree, na video yako inamtokea kando ya video zingine ikiwa na ukubwa wa kiberiti. Kwa hivyo kila ukimaliza kubadilisha kitu, ipunguze picha mpaka iwe kama kiberiti kwenye skrini, kisha rudi nyuma hatua mbili. Bado unaona nini? Sisi tulipofanya hivyo mara ya kwanza tuliona kitu kimoja tu, wingu jeupe. Kuka alikuwa ameyeyuka kwenye anga. Picha ilikuwa nzuri kwa ukubwa na haina maana kwa udogo.

Tukaikata upya. Uso na bega la Kuka vikachukua theluthi ya kushoto, fimbo ikavuka katikati, mji ukabaki kulia. Tukatia anga giza kidogo na kumwacha yeye kwenye mwanga. Hapa pia kuna mpaka. Kutia giza ili mtu aonekane ni kama kusafisha kioo. Lakini beshte alipoongeza rangi nyekundu mpaka anga ikawa kama kuna nyumba inaungua, nikamwambia arudishe. Swali langu huwa ni hili: mtu aliyekuwa pale siku ile, akiiona hii picha, atasema "ndiyo, ilikuwa hivi"? Kuka angesema ndiyo kwa anga yenye giza. Kwa anga ya damu angeuliza moto ulikuwa wapi.

Jaribio lingine dogo ambalo ni bure: igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe kwa muda. Kama mtu wako na mandhari yake vinakuwa kijivu kimoja, rangi ilikuwa inakudanganya wewe mwenyewe. Na usiweke kitu chochote cha maana kwenye kona ya chini kulia. Pale YouTube inabandika muda wa video. Nimeona watu wameandika bei ya bidhaa pale pale na ikafunikwa.

Maneno juu ya picha tuliyaweka mawili tu: "HAPA, 1895". Sababu ni kwamba kichwa cha video tayari kinakaa chini ya picha. Ukirudia maneno yale yale mara mbili umepoteza nafasi. Picha iseme kitu ambacho kichwa hakisemi, na kichwa kimalizie. "HAPA" ilifanya kazi na ile fimbo. Jicho linafuata fimbo, linafika kwenye mji unaoujua, na unajiuliza hapo palitokea nini.

Basi tukafika kwenye kichwa, na hapo ndipo tulibishana hadi chai ikapoa.

Tuliandika vingi, lakini nitawapa vinne. Cha kwanza kilikuwa "Historia ya Chetambe". Ni cha kweli kabisa na hakimwiti mtu. Neno "historia" peke yake linamkumbusha kijana mtihani. Cha pili, "SIRI CHAFU ambayo Waingereza walificha Webuye". Hiki kinavuta, lakini hakuna siri. Vita vya Chetambe vimeandikwa vitabuni, na hata Hobley mwenyewe aliandika kuhusu miaka yake huku. Ukimwambia mtu ni siri kisha ukampa kitu ambacho mwalimu wake anakijua, umemchukulia kama mjinga.

Cha tatu ndicho kilikuwa hatari zaidi: "Wabukusu walivyowatoa jasho Waingereza hadi wakakimbia". Beshte alikipenda, na mimi moyoni nilikipenda pia. Nani hataki kusikia kwamba watu wake walishinda? Najua kingesambaa kwenye magrupu yote ya WhatsApp kutoka Bungoma hadi Kitale. Lakini si kweli. Walipigana, na walishindwa. Na Kuka anasema hivyo mwenyewe ndani ya video, kwa sauti yake. Chambo kinachomsifu mtazamaji ni kibaya kuliko kinachomtisha, kwa sababu akitishwa bure atakasirika, lakini akisifiwa bure atasambaza. Kesho kijana wa sekondari ambaye hakuitazama video, ameona tu kichwa, atakwenda kubishana na mwenzake kwamba Waingereza walikimbia Chetambe. Msisahau hilo: watu wengi wataona kijipicha na kichwa chako kuliko watakaobonyeza. Kwao, kichwa ndicho video yote. Ndiyo maana lazima kiwe kweli hata kikisimama peke yake.

Cha nne ndicho tulichokichukua: "Chetambe 1895: walijifungia juu ya kilima, Waingereza wakaja".

Tukivunje. YouTube inakubali kichwa hadi herufi 100, lakini kwenye simu mwisho mara nyingi unakatwa, kwa hivyo mzigo uwekwe mbele. "Chetambe 1895" iko mwanzo kwa sababu mtu anayetafuta ataandika jina la mahali. Kipande cha kwanza, mpaka kwenye koma, ni kama herufi 42, na hata simu ikikata hapo bado umeelewa. Kipande cha pili, "Waingereza wakaja", kinaacha mlango wazi. Hakisemi nani alishinda. Hapa mtu anaweza kuniuliza, si huko nako ni kuficha? Ndiyo, nimeficha mwisho. Lakini kuficha mwisho wa hadithi si sawa na kuahidi mwisho usiokuwepo. Bibi akikusimulia usiku hakuambii sungura alinusurika kabla hajaanza. Shida ingekuwa kama kile ulichoficha, ukikijua, kinakufanya uone umeibiwa muda.

Kuna mfano wa nje ninaoupenda hapa. Mwaka 2019 chaneli ya sayansi ya Veritasium ilitoa video ambayo kichwa chake kiliuliza kwa nini kuna mipira myeusi 96,000,000 juu ya hifadhi hii ya maji. Ni bwawa la maji la Los Angeles. Mipira ipo kweli, idadi ni hiyo kweli, picha inaionyesha, na swali linajibiwa. Angeweza kuandika "Jinsi ya kulinda ubora wa maji" na angekuwa mkweli vilevile, ila hakuna ambaye angefungua. Yeye alitafuta jambo la ajabu zaidi lililokuwa kweli na akaliweka mbele.

Kabla ya kupakia, tukafanya jaribio la mwisho ambalo kwangu ni la lazima. Nilimwonyesha dadangu, jirani na jamaa wa duka kijipicha na kichwa, nikawauliza swali moja: "Ukifungua hii, unategemea kuona nini?" Usiwaulize kama ni nzuri, watakusifu tu. Dadangu akasema, "Mzee anaonyesha mahali vita vilipiganwa." Jirani akasema hivyo hivyo na kuongeza, "na vile Waingereza walikuja." Jamaa wa duka akasema, "Kuna kitu kimechimbuliwa hapo." Huyo wa tatu akanifanya niangalie tena. Kumbe fimbo, kwa vile ilivyokatwa, ilionekana kama inaelekea chini kwenye udongo. Tukasogeza picha kidogo mji uonekane zaidi. Hakuna aliyekusudia kudanganya mtu, ila picha ilikuwa inaahidi hazina. Majibu ya watu yakilingana na kile kilichomo kwenye video, pakia. Yasipolingana, wanaokosea si wao.

Sasa, kuna wale watasema, "Bro, ukweli haulipi. Algorithimu inataka mibofyo." Tupige hesabu basi, kwa mfano tu. Tuseme video ya dakika tisa, kijipicha kimetokea mara 1,000. Chambo cha machozi kinavuta watu 100, yaani asilimia 10. Lakini wengi wanagundua hakuna anayelia, wanatoka, na kwa wastani kila mmoja anatazama dakika moja. Jumla ni dakika 100. Kijipicha cha fimbo kinavuta 50 tu, asilimia 5, lakini walikuja kwa ajili ya kile wanachokipata, wanakaa dakika nne kila mmoja. Jumla ni dakika 200. Nusu ya mibofyo, mara mbili ya muda.

Na muda ndio YouTube imekuwa ikiupa uzito tangu 2012, walipoacha kutegemea idadi ya kutazamwa peke yake, kwa sababu hesabu ya mibofyo ilikuwa inawazawadia watu wa vijipicha vya uongo. Kile chombo chao cha kujaribu hadi vijipicha vitatu kwa video moja, ambacho kilifunguliwa kwa watu wengi mwaka 2024 kwa jina la Test & Compare, kinachagua mshindi kwa muda uliotazamwa, si kwa mibofyo. Na Desemba 2024 walitangaza kwamba wataanza kuondoa, wakianzia India, video ambazo kichwa au kijipicha chake kinaahidi kitu ambacho hakimo ndani, hasa kwenye habari za matukio yanayoendelea.

Lakini pia sitaki kuwauzia ndoto, maana hiyo nayo itakuwa chambo. Kijipicha cha kweli hakikuhakikishii watu elfu. Kinachokupa ni namba ambazo unaweza kuzisoma. Ukiingia YouTube Studio utaona vitu viwili: asilimia ya walioona kijipicha wakabonyeza, na grafu ya wangapi walikuwa bado wanatazama ilipofika sekunde ya 30. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10 kwenye hiyo ya kwanza, kwa hivyo ukiona 4 usilie. Zisome zote mbili pamoja. Mibofyo mingi na grafu inayoporomoka mara tu inapoanza ina maana mlango wako uliahidi nyumba nyingine. Mibofyo michache na grafu inayokaa juu ina maana waliofika wamependa, ila mlango haukusema vya kutosha. Hapo badilisha picha au kichwa, video iache. Na usibadilishe siku ya kwanza. Mwanzoni wanaokuona wengi ni wanaokujua, na video ikianza kusambazwa kwa wageni asilimia hushuka yenyewe. Subiri siku kadhaa, badilisha kitu kimoja tu, ndipo utajua ni kipi kilichofanya kazi.

Beshte bado anasema ile picha ya vumbi ingepiga zaidi wiki ya kwanza. Inawezekana. Sibishani naye. Lakini video ya Chetambe itakaa pale miaka, na mtoto wa Misikhu au Kiminini atakayeitafuta akiwa darasani atakutana kwanza na mzee mwenye fimbo na mwaka 1895, na akiishia hapo bila kubonyeza, atakuwa amebeba kitu cha kweli. Nilimpelekea Kuka simu aione kabla sijaipakia. Akaishika mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akakitazama kile kijipicha kwa muda.

"Ni hapo," akasema. "Hapo ndipo nilipowaonyesha."

Nikabonyeza chapisha.